Miezi mitatu si siku 90

Hebu tuanze na swali ambalo wengi hulijibu kabla ya kufikiri. Mama fundi wa nguo jijini ameweka rahani cherehani yake kwa mkopeshaji, akapewa pesa za karo. Karatasi aliyotia sahihi inasema atalipa "katika siku 90", la sivyo mashine itauzwa. Amechukua pesa hizo Jumatatu, tarehe 15 Juni 2026. Je, siku yake ya mwisho ni lini?

Bila shaka umekwisha kusema: siku 90 ni miezi mitatu, basi ni tarehe 15 Septemba. Mama naye ndivyo alivyosema moyoni. Lakini akifika siku hiyo na pesa mkononi, mkopeshaji anaweza kumwambia, "Mama, siku zako zilikwisha juzi," na kwa hesabu atakuwa amesema kweli. Ili kujua kwa nini, hatuhitaji kalenda. Twahitaji ngumi moja tu.

Kunja ngumi ya mkono wa kushoto na uitazame kwa juu. Utaona vifundo vinne vya vidole, na kati ya kila viwili pana bonde. Kidole gumba kiache, hakimo katika hesabu hii. Anza na kifundo cha kidole cha shahada, useme "Januari". Bonde linalofuata ni Februari. Kifundo cha kidole cha kati ni Machi, bonde ni Aprili, kifundo cha kidole cha pete ni Mei, bonde ni Juni, na kifundo cha kidole cha mwisho ni Julai. Mwezi ulioangukia kifundo una siku 31. Ulioangukia bonde una siku 30, isipokuwa Februari, ambayo ina 28, au 29 katika mwaka mrefu.

Sasa vifundo vimekwisha na miezi ingali mitano. Hapa ndipo watoto wengi, na wazazi wao pia, hupotea. Ukitoka Julai, rudi mwanzo kwenye kifundo cha kidole cha shahada na ukiite Agosti. Basi vifundo viwili vimefuatana bila bonde katikati, nayo ni sawa, kwa maana Julai na Agosti zote zina siku 31. Kisha endelea: bonde Septemba, kifundo Oktoba, bonde Novemba, kifundo Desemba.

Anayekosea hugeuka pale Julai na kuitia Agosti bondeni. Utamtambuaje? Mwache afike mwisho wa mwaka. Kila mtu ajua kwamba mwaka hufungwa tarehe 31 Desemba, kwa hiyo Desemba haina budi kuangukia kifundo. Ikiangukia bonde, amekosea pale kwenye Agosti, na airudie hesabu.

Tumrudie mama wa cherehani. Kuhesabu siku kutoka tarehe moja hadi nyingine kuna hatua tatu: siku zilizobaki katika mwezi wa kuanzia, miezi mizima iliyo katikati, kisha siku za mwezi wa mwisho.

Juni imo bondeni, kwa hivyo ina siku 30. Toa 15, zabaki 15. Julai ni kifundo, ongeza 31, jumla 46. Agosti nayo ni kifundo, ongeza 31, jumla 77. Kufikia 90 pamebaki siku 13. Basi siku ya 90 ni tarehe 13 Septemba, wala si tarehe 15. Zile siku mbili alizozidisha mama zimetoka kwenye vifundo vile viwili vya Julai na Agosti, kwa sababu kila kimoja kina siku moja zaidi ya 30.

Mfano huu usikufanye udhani kwamba tofauti ni siku mbili daima. Anayechukua mkopo tarehe 15 Januari katika mwaka wa kawaida, siku yake ya 90 ni tarehe 15 Aprili barabara, kwa kuwa upungufu wa Februari hufidia siku za ziada za Januari na Machi. Anayeanza tarehe 15 Februari naye ana siku 89 tu hadi 15 Mei, kwa hivyo siku yake ya 90 ni tarehe 16. Mwaka 2028 utakuwa mrefu, na hesabu zote zinazovuka mwisho wa Februari zitasogea kwa siku moja. Ndiyo maana "miezi mitatu" na "siku 90" ni ahadi mbili mbalimbali. Soma karatasi imeandika ipi.

Pana njia nyepesi ya kujikagua. Gawanya siku zako kwa 7. Siku 90 ni majuma 12 na siku 6 za ziada. Majuma kamili hurudisha siku ile ile ya juma, kwa hiyo ukitoka Jumatatu, majuma 12 yatakurudisha Jumatatu, na siku 6 zaidi zitakufikisha Jumapili. Fungua kalenda uitazame tarehe 13 Septemba 2026. Ikiwa ni Jumapili, hesabu yako imesimama. Ingalikuwa siku nyingine, ungejua kuna mwezi uliouongezea au kuupunguzia siku.

Umebaki ugomvi mmoja, nao hauamuliwi na vifundo. Je, ile siku ya kuchukua pesa yahesabiwa? Sisi tumeanza kuhesabu kesho yake, tarehe 16 Juni ikawa ya kwanza. Mtu akisema tarehe 15 ndiyo ya kwanza, siku ya 90 itakuwa tarehe 12 Septemba. Kwa muda uliowekwa na sheria zilizoandikwa za Kenya, Sura ya 2, kifungu cha 57, yasema siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, na muda ukiishia Jumapili au sikukuu ya taifa, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata.

Lakini karatasi ya mama na mkopeshaji ni mapatano ya watu wawili. Mama asikae akitegemea kwamba Jumapili itamwongezea siku, hasa ikiwa ofisi ya mkopeshaji hufungwa siku hiyo. Dawa yake ni kumwambia mkopeshaji kabla ya kutia sahihi: "Bwana, usiniandikie siku 90 peke yake. Andika na tarehe yenyewe." Tarehe ikisha kuandikwa, hakuna wa kubishana kuhusu siku ya kwanza wala ya mwisho.

Na ikiwa karatasi ilikwisha kuandikwa bila tarehe, basi achukue ile hesabu iliyo fupi zaidi. Apeleke pesa kabla ya Jumamosi, tarehe 12 Septemba, adai risiti iliyoandikwa tarehe, na aondoke na cherehani yake.