Plei Elfu Arobaini, Mfukoni Jero

Leo nina neno na wasanii wetu wa huku Kusini, na nyie mnaowasikiliza bure kila siku mkae hapo hapo, linawahusu.

Kuna dogo mmoja wa huku kwetu juu, jina naweka kapuni. Kila wiki anaposti skrinishoti: plei elfu arobaini, moto, moto, taji. Ni kweli, ngoma yake inapigwa. Bodaboda wa Mnyambe wanaijua, saluni za Newala mjini wanaijua. Ila kaandaa shoo majuzi, ukumbi ukajaa viti. Watu wakasema Wamakonde hatusapoti vya kwetu. Mimi nakataa. Tatizo ni kwamba dogo anahesabu plei wakati alitakiwa ahesabu watu.

Plei siyo mtu. Sela mmoja akirudia ngoma yako mara thelathini, hizo ni plei thelathini na kichwa kimoja. Na hicho kichwa hukijui jina, huna namba yake, huwezi kumwambia Jumamosi kuna shoo. Boomplay na Audiomack ndio wenye huyo msikilizaji, wewe umemwazima tu.

Hela za huko nazo zina geti. Spotify tangu 2024 wimbo usipofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12, haulipwi mrabaha kabisa. YouTube ili ule hela za matangazo wanataka subskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, na ukishapita hapo hela haitoki mpaka ifike dola 100. Sisemi utoe nyimbo zako huko, ziache, ndiko watu wanakokukuta mara ya kwanza. Nasema pale ni mlangoni, sebuleni bado hujawaingiza.

Sasa watu wetu wanalipia muziki au hawalipi? Nenda kwenye taarabu uone. Ubeti ukimgusa mtu anainuka, anacheza mpaka mbele, anatunza. Kongo ndio kabisa, mtu analipa jina lake litajwe ndani ya wimbo, wenyewe wanaita mabanga, na kuna watu wameishi mjini kwa kutajwa tu. Angalia vizuri hapo: hakuna aliyetoa hela ili asikie wimbo, maana wimbo alikuwa anausikia tayari. Kalipa ili aonekane, na ili awe karibu na mwenye wimbo. Wimbo ukiwa bure, hicho ndicho kilichobaki cha kuuza.

Kwa hiyo mchongo uko hivi.

Kwanza, chukua namba. Kwenye kila ngoma, kila klipu, kila bango, weka namba moja ya WhatsApp na sababu ya mtu kuitumia: "Nitumie jina lako na mtaa wako, wimbo mpya utaupata wiki mbili kabla ya wengine." Halafu mwambie akusevu, na wewe msevu. Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Ile New broadcast ya WhatsApp inabeba watu 256 kwa orodha moja, na meseji haimfiki mtu ambaye hajakusevu. Status yako nayo haioni. Unaweza kuwa na namba 300 na ukawa unaongea na 80. Jipime: tuma swali jepesi, kama "Kava ipi kali, A au B?", halafu hesabu waliojibu. Hao waliojibu ndio mtaji wako, wengine bado ni plei tu.

Pili, malipo ya kwanza yawe madogo na yawe na jina. Usianze na tisheti ya elfu kumi na tano. Anza na buku mbili kwa Lipa Namba: anayelipa anausikia wimbo mapema, na jina lake na kijiji chake linaandikwa kwenye maelezo ya video au unalitaja mwenyewe kwenye klipu fupi. Mtu wa Mnyambe akisikia Mnyambe imetajwa, klipu hiyo ataituma kila grupu alilomo, na hajalipwa senti.

Tufanye hesabu, ni mfano. Una namba 300 zilizosevu. Mmoja kati ya watano akilipa buku mbili, ni watu 60, laki na ishirini. Ndogo? Sawa, ila sasa una majina 60 ya watu waliokwisha kufungua pochi. Shoo ikija, hao unawauzia tiketi kabla hujalipia ukumbi. Thelathini wakichukua tiketi ya elfu tano, una laki na nusu mkononi na unajua viti vingapi upange. Wakifika 30 hawakufika, unabadilisha ukumbi mapema, aibu inakukwepa. Mmarekani mmoja, Kevin Kelly, aliandika mwaka 2008 kwamba msanii anahitaji mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja atoe dola 100 kwa mwaka. Kwetu punguza: watu 200, kila mmoja elfu kumi kwa mwaka mzima, ni milioni mbili. Watu 200 wanaenea kwenye kata mbili, wala hauhitaji Dar.

Tatu, angalia kalenda ya korosho. Dogo wetu kaomba hela wakati watu wanahangaika na salfa, nani atampa? Minada inaanza Oktoba, malipo ya wakulima yakishaingia benki hadi fundi cherehani anajua. Miezi mingine kusanya namba na toa bure. Hela omba msimu.

Vitu vinaharibika wapi? Sehemu mbili. Ya kwanza, wimbo utavuja. Mmoja ataufowadi, kesho uko kwenye flashi za stendi ya Masasi. Usigombane na watu wako, ndio maana hukuuza faili, uliuza jina na nafasi ya mbele. Jina halivuji.

Ya pili ni mbaya zaidi: kuahidi na kukaa kimya. Umesema utataja majina Ijumaa, Ijumaa hiyo uko kimya na status unaonekana unakula chipsi. Nunua kaunta buku, andika nani kalipa, lini, umemwahidi nini, umempa lini. Na kipimo chenyewe kiko kwenye raundi ya pili. Kama walilipa 60 na mara ya pili wamerudi 40, una mashabiki. Wakirudi 10, na saba kati yao ni binamu zako, basi mara ya kwanza walikuchangia kama msiba.

Na nyie wasikilizaji, msicheke sana. Ngoma ya mtoto wa kwenu mnaipiga kutwa kwenye harusi, halafu tiketi ya elfu tano mnaomba "kaka niingize". Huyo dogo akikata tamaa ataenda Dar kuuza viatu, na msimu ujao mtapigiwa ngoma za watu wasioijua hata Newala iko wapi.

Swali la leo: mara ya mwisho kumpa msanii wa kwetu hela yako mkononi ilikuwa lini, na alikufanyia nini mpaka ukatoa? Dondosha hapo chini, majina ya wasanii kapuni.