Masika Si Dharura

Siku niliyoajiriwa kuhudumu mezani kwenye hoteli moja huko Diani, msimamizi aliniambia malipo ni shilingi 700 kwa siku. Kisha akatabasamu: "Usijali, tipu zitakujazia." Ilikuwa Desemba, nikaamini.

Daftari langu lina hadithi nyingine. Desemba nilifanya siku 26, nikapata 18,200, na tipu zikaleta kama 10,000. Nikahamia chumba cha 6,000 nikidhani maisha yameshika. Aprili mvua ikaanza, wageni wakapungua. Mei niliitwa siku 6 tu. Hiyo ni 4,200, tipu sufuri. Landilodi naye hakujua kama ni masika.

Mwaka ulipoisha nilijumlisha kila shilingi, nikagawanya kwa miezi 12. Nilipata kama 17,000 kwa mwezi. Ukitoa tipu, ni 11,900. Kumbe karibu theluthi ya riziki yangu ililipwa na wageni, si bosi.

Bosi atakwambia hawezi kulipa watu wakati vyumba ni vitupu. Sawa. Lakini masika si dharura, huja kila mwaka. Yeye huyapangia mapema kwa kupandisha bei ya vyumba Desemba. Mbona 700 yangu haipandi Desemba? Faida ya msimu ni yake, njaa ya mvua ni yangu, halafu tunaita hiyo kazi.

Na hili la kuitwa kibarua miaka nenda miaka rudi lina mpaka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya siku mfululizo zinazofika mwezi mzima, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi. Ndiyo maana ukikaribia mwezi unaambiwa "pumzika kidogo, tutakupigia". Si huruma hiyo. Wanakata hesabu.

Kwa hivyo ukienda kutafuta kazi Pwani, usiulize tu siku moja ni ngapi. Uliza mwezi wa Mei wanaita watu siku ngapi. Uliza sanduku la tipu linafunguliwa na nani, na kama jikoni nao wanagawiwa. Kama kazi ni ya msimu, waandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kila wiki piga rota picha, na usifute meseji za M-Pesa za malipo, kwa sababu siku ya kubishana, neno lako pekee halitatosha.

Halafu pangisha nyumba ya mshahara wa Mei. Mimi nilipangisha ya Desemba, na Juni nikalala kwa binamu yangu Ukunda, begi likiwa mlangoni.

Tipu ni shukrani ya mgeni. Anayeifanya mshahara amekuajiri kwa mfuko wa mtu mwingine.