Mlango wa Kale Hauna Badala

Tuseme mtu amenunua mlango wa kale wa Lamu, wenye nakshi za fundi aliyekwisha fariki, akalipa arbuni. Mwuzaji naye amgeuka, kwani tajiri mwingine ameahidi bei maradufu. Wengi watamwambia achukue fidia anyamaze. Mimi naona ushauri huo ni dhuluma. Ingekuwa gunia la mahindi, angenunua jingine. Mlango ule ataupata soko gani?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, yairuhusu mahakama kumwamuru mwuzaji autoe mlango wenyewe, asijikomboe kwa fidia. Lakini hiyo ni hiari ya mahakama. Uingereza, katika kesi ya Cohen na Roche, mnunuzi wa viti vinane vya zamani aliambulia fidia tu. Alikuwa mchuuzi, na jaji aliviona viti hivyo bidhaa za kawaida za biashara.

Kosa kubwa ni kungoja hukumu. Mlango ukikabidhiwa mnunuzi wa pili asiyejua habari, huenda ukawa wake kisheria. Yafaa basi kuomba mapema amri ya kuzuia usiuzwe wala kuondolewa. Tangu kesi ya Giella ya 1973, mwombaji hutakiwa kwanza aonyeshe kuwa madai yake yana uzito, na kuwa hasara yake haitafidika kwa fedha. Hapo risiti iliyoandikwa "mlango mmoja" haimfai sana. Afadhali itaje vipimo na nakshi, tena iambatane na picha.