Mama wa Dawati Apumzike, Dawati Lisipumzike

Wafanyabiashara wadogo wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wanamuaga Mama wa Dawati, ofisa wa taarifa za biashara anayestaafu. Watakumbuka kalamu yake iliyofungwa mezani kwa kamba. Alisema kalamu ndiyo bidhaa pekee inayovuka mpaka bila hati.

Siku moja mama mwenye magunia sita ya maharagwe kutoka Uganda alifika akilia. Kijana mmoja alikuwa amemdai fedha ili "amvushe". Mama wa Dawati hakugomba. Aliuliza mambo matatu: maharagwe yamelimwa wapi, yamo kwenye orodha ya bidhaa zinazokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000? Majibu yalipokaa sawa, alimsaidia kujaza cheti rahisi cha uasili, forodha wakagonga mhuri, na ushuru wa forodha haukulipwa. Kijana yule alitoweka bila cheti.

Wala hakuwadanganya watu. Mwenye mitumba aliambiwa wazi kwamba cheti hicho hakimhusu, maana nguo hizo hazikutengenezwa Afrika Mashariki. Mwenye maharagwe alikumbushwa kwamba cheti cha afya ya mimea bado kinahitajika.

Asante, Mama. Lakini shukrani ya kweli ni kumweka mrithi mapema, afundishwe maswali yale matatu. Kiti kile kikibaki kitupu, wengi watarudi njia za panya. Na kalamu ibaki kwenye kamba yake.