Salamabila: msidai deni la Namoya kwenye mlango usio wake

KASONGO – Kila mara habari ya dhahabu ya Namoya inaporudi kwenye mazungumzo, sokoni Kasongo au kwa familia zilizokimbia vita vya Salamabila, jina moja linatajwa: Arnold Kondrat, Mkanada aliyeanzisha Banro. Kisha neno linalofuata: «Ana sosiete zingine, zote ni Banro tu, hizo zingine zilipe.» Wengine wanajibu kinyume: «Kila sosiete ni ya peke yake, haziingiliani hata kidogo.» Pande zote mbili zinakosea, na anayeumia ni mwananchi anayepeleka barua mahali pasipo na jibu.

Ni kweli Kondrat hakuanzisha Banro peke yake. Jina lake lipo pia kwenye Loncor, iliyotafuta dhahabu huko Ngayu, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Kwenye Delrand, iliyoanza na almasi. Na kwenye Gentor, iliyokwenda kutafuta shaba hadi Oman. Ofisi zao zilikuwa Toronto, katika jengo lile lile, First Canadian Place. Viongozi wengine walikaa kwenye baraza la zaidi ya moja. Mtu akiona hayo anasema, «Ni nyumba moja.»

Lakini ofisi moja na kiongozi mmoja havifanyi kundi moja la kampuni. Kundi ni pale kampuni mama inaposhika hisa nyingi za kampuni ndogo, au kuitawala kabisa, na kuingiza hesabu zake zote ndani ya hesabu za mama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Namoya Mining: juu yake kampuni zilizoandikishwa Barbados, na juu ya hizo Banro Corporation. Twangiza, Kamituga na Lugushwa nazo zilikuwa ndani ya ukoo huo huo.

Loncor na Gentor hazikuwa ndani yake. Zilikuwa kama watoto wa baba mmoja, kila mmoja na nyumba ya mama yake: kila moja na wenye hisa wake, madeni yake, hati zake. Delrand ilisimama katikati, maana Banro iliwahi kuwa na sehemu ya hisa zake bila kuzishika zote. Hapo ndipo wanaosema «haziingiliani hata kidogo» wanapodanganyika. Kampuni inayouza hisa hadharani Kanada inaandika kila mwaka, ndani ya hesabu zake, sehemu inayohusu shughuli kati yake na watu au kampuni zenye uhusiano nayo: nani anadaiwa gharama za ofisi, nani amekopesha nani. Hesabu hizo zinawekwa wazi kwa kila mtu kwenye mtandao wa sedarplus.ca. Atakayetaka ukweli aanze na ukurasa huo, asianze na picha ya mwanzilishi.

Tena aangalie mwaka. Jibu la 2012 si jibu la leo. Desemba 2017 Banro iliomba ulinzi wa mahakama ya Kanada dhidi ya wadai wake. Ilipotoka, Mei 2018, hisa za zamani zilifutwa, na kampuni ikabaki mikononi mwa waliokuwa wanaidai, wakiwemo Baiyin ya Uchina na Gramercy. Kondrat aliendelea kuongoza Loncor. Basi anayemdai mwanzilishi leo kwa sababu ya karatasi za zamani anamfuata mtu aliyekwisha kutoka nyumbani.

Je, haki ya watu wa Salamabila imepotea pamoja naye? Hapana, na hapa ndipo ubishi wote unapotakiwa kuishia. Hati ya kuchimba Namoya haikuandikwa kwa jina la Kondrat. Iliandikwa kwa jina la kampuni ya Kongo, Namoya Mining. Wenyewe wa juu wanaweza kubadilika mara tatu, lakini mzigo unamfuata mwenye hati. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inamdai yeye makubaliano ya maandishi na wananchi wanaozunguka mgodi, na angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Haisemi lolote juu ya mwanzilishi.

Kwa hiyo kazi ya viongozi wa Kabambare ni fupi. Waulize CAMI, ofisi ya hati za migodi, hati ya Namoya iko leo kwa jina la nani. Waulize kwenye daftari la biashara nani anashika hisa za kampuni hiyo, na nani ni meneja wake. Wapeleke dai huko, kwa jina kamili, wakibakisha nakala yenye muhuri.

Kiongozi anayepiga kelele juu ya Toronto bila kuuliza CAMI anamsaidia mdaiwa. Maana mdaiwa hapendi kitu kama kuona watu wakigonga mlango wa jirani.