Wiki 8 za mwisho za daftari lako usiziguse mpaka umemaliza kupiga hesabu

Leo nina jambo moja tu, na najua wengine mtanibishia kwenye komenti. Karuhusiwa.

Naona humu watu wanapeana kanuni za kununua mzigo. "Mimi nachukua wastani wa mwezi, naongeza robo, sijawahi kukosea." Ukimuuliza umeijaribu wapi, anakwambia kwenye mauzo yake ya mwaka jana. Na hiyo kanuni kaitengeneza kutoka wapi? Kwenye mauzo yake ya mwaka jana. Huo ni sawa na mtihani ambao majibu umeshayaona. Mimi nimeishia kidato cha nne, na tulivyokuwa tunasoma na pepa za zamani, kulikuwa na pepa moja mwalimu alikuwa anaificha. Zile tulizozifanya mara tatu tatu tulikuwa tunapata 80. Ile iliyofichwa ndio ilikuwa inakuonyesha unaenda kufanya nini kwenye chumba cha mtihani.

Nitawaeleza yangu, maana nilikaribia kukopa hela kwa sababu ya kanuni nzuri ya kwenye karatasi.

Nauza madera kwa Wasapu na Instagramu. Mzigo nachukua Kariakoo kila Jumatatu, dera moja 10,000, nauza 16,000, faida 6,000. Yakibaki Jumapili jioni nampa jamaa wa gulioni kwa 7,000, nakula hasara 3,000 kwa kila moja. Miaka yote nimekuwa nachukua 30 kila wiki kwa mazoea, kwa sababu ndio mtaji ulipofika.

Nina daftari la wiki 54. Nikatoa wiki mbili za Idi, hizo nazipangia kwa mkono, zikabaki 52. Na hapa nisikilizeni: mimi siandiki niliyouza tu. Naandika waliouliza, pamoja na wale niliowaambia "limeisha dada, labda Jumatatu". Kama unanunua 30 na unaandika mauzo tu, daftari lako litasema wateja ni 30 mpaka siku unafunga duka. Hakuna kanuni itakayokutoa hapo.

Kila wiki nikaipa gharama ya kukosea. Kila dera lililokosekana ni 6,000 imenipita, kila lililobaki ni 3,000 ya hasara. Mfano wiki nina 40 na wameuliza 46, nimekosea kwa 36,000. Nina 40 wakauliza 32, nimekosea kwa 24,000.

Halafu nikafanya kitu ambacho nashukuru nilikifanya kabla ya yote. Wiki 8 za mwisho, Oktoba na Novemba, nikazikata kwenye Excel, nikaziweka faili la peke yake, nikamtumia dada yangu, kwangu nikafuta. Daftari lenyewe nikampa pia. Nikabaki na wiki 44.

Kwanini za mwisho na sio kuokota 8 hapa na pale? Kwa sababu Jumatatu unanunua mzigo wa siku ambazo hazijafika. Jaribio liwe hivyo hivyo, kanuni isome za nyuma na ikutane na za mbele. Ukiokota katikati, utakuwa umeitengeneza kwa wiki zilizokuja baadaye.

Kwenye zile 44 nikacheza nitakavyo. Wastani wa wiki 2, 3, 4, 6 au 8. Mara 1, 1.1, 1.2 au 1.3. Kuongeza 10 wiki ya mwisho wa mwezi au kutoongeza. Zidisha hapo, ni kanuni 40. Iliyoshinda ni wastani wa wiki 3, mara 1.3, mwisho wa mwezi ongeza 10. Mazoea yangu ya 30 yalikuwa yananigharimu wastani wa 39,000 kwa wiki. Kanuni ilinigharimu 25,000. Naokoa 14,000 kila wiki. Jamani, nililala nikitabasamu.

Shida ni kwamba kanuni ilitaka wiki nyingine niwe na madera karibu 60. Kwa hiyo nikapanga kukopa 300,000 kwenye kikoba, riba asilimia 10, narudisha kwa wiki 12. Riba ni 30,000, yaani 2,500 kwa wiki. Nikaandika kwenye karatasi, na tarehe nikaweka: kwenye zile wiki 8, kanuni isipookoa angalau 5,000 kwa wiki, sikopi. Hicho kikaratasi kiandike kabla. Ukiandika baada ya kuona jibu, utajipangia alama ya kufaulu.

Dada akanirudishia faili. Mstari wa 1 ni vichwa, kwa hiyo wiki ya 45 ipo mstari wa 46, na kanuni yake ni hii:

```
=ROUNDUP(AVERAGE(B43:B45)*1.3,0)
```

Angalia vizuri, inasoma wiki tatu zilizopita tu. Ukiandika B44:B46 umeingiza wiki yenyewe unayoitabiria, na majibu yatakuja mazuri ya uongo. Mimi kosa hilo nililifanya mwezi wa kwanza wa kujifunza, nikashangaa nimekuwa nabii.

Haya, matokeo. Wiki 8 zile waliuliza madera 36, 45, 30, 41, 33, 38, 29, 44. Mazoea yangu ya 30 yalinigharimu jumla 345,000. Kanuni yangu bingwa ilinigharimu 339,000. Wiki nane, nimeokoa 6,000. Ni 750 kwa wiki, hata riba haifiki.

Niliinama.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoharibu, na mimi niliharibu kidogo, nakiri. Niliangalia zile wiki nikaona wiki zote nane kanuni ilibakiza mzigo, wiki moja ilibakiza hadi madera 22. Nikasema ahaa, 1.3 ni nyingi, ngoja niweke 1.1. Nikabadilisha namba moja tu. Gharama ikashuka kutoka 339,000 hadi 195,000. Ghafla naokoa 18,750 kwa wiki, zaidi hata ya kule kwenye 44! Nikashika simu nimpigie katibu wa kikoba.

Nikaiweka chini. Kwa sababu nimefanya nini hapo? Nimeangalia majibu, nikarudi kurekebisha pepa yangu, nikajisahihishia. Zile wiki 8 zilikuwa na kazi moja na walishaifanya. Ukishazitumia kuchagua 1.1, zimekuwa sawa na zile 44, na ile 18,750 haina tofauti na ile 14,000 iliyonidanganya mwanzo. Inawezekana 1.1 kweli ni nzuri. Lakini sina wiki hata moja iliyobaki ya kuniambia.

Na kwanini ile ya kwanza ilidanganya? Naona sababu mbili. Moja, nilijaribu kanuni 40. Wapange watu 40 wabashiri sarafu ikirushwa mara tano, uwezekano ni mkubwa kwamba mmoja atapatia zote tano, na hajui chochote. Bingwa wa 40 siku zote ana bahati ndani yake, na bahati haihamii wiki ijayo. Pili, nadhani miezi ya katikati nilikuwa nalipia tangazo na ukurasa ulikuwa unaruka, wiki hii 18, ijayo 26, ijayo 34. Kwenye mruko kama huo kuongeza 1.3 kunalipa. Oktoba nilishaacha tangazo na wateja wakatulia kwenye 37 hivi. Ila hiyo sababu ya pili nimeifikiria baada ya kuona matokeo, kwa hiyo naichukua kama dhana tu.

Kuna mtu aliniambia, "wiki 8 ni chache, labda ilikuwa mkosi." Ni kweli ni chache, wiki moja mbaya inaweza kuvuta wastani. Lakini uchache huo unakata pande zote. Kama zisingetosha kuikataa kanuni, zisingetosha kuikubali pia, na sijawahi kusikia mtu aliyepata matokeo mazuri akilalamika kwamba wiki ni chache.

Kitu pekee nilichojiruhusu kurudi nacho ni kukagua makosa ya mikono: namba iliyoingizwa vibaya, mstari ulioruka, fomula iliyosoma pembeni. Nilikagua, hakukuwa na kosa. Na hata ningelikuta, ningesahihisha na kuandika pembeni kwamba nimesahihisha baada ya kuona, halafu imani yangu ningeipunguza. Ukikuta makosa matatu na yote yanakusaidia wewe, jiulize kwanini hukutafuta yale yanayokuumiza.

Kwa hiyo nilifanya nini. Sikukopa, karatasi ilishasema. Nimeunganisha wiki zote 52, nimejaribu kanuni 3 tu badala ya 40, nikachagua moja nyepesi: wastani wa wiki 6 mara 1.1, mwisho wa mwezi nimeachana nao. Sasa wiki za kujaribia ni zile ambazo hazijafika. Kila Jumapili usiku naandika kwenye karatasi kanuni inataka madera mangapi, napiga picha, namtumia dada, tarehe inabaki kwenye simu yake. Hela sijaweka. Wiki za Krismasi na Mwaka Mpya nimezitoa mapema, kabla hazijafika.

Mzigo wenyewe nimepandisha kutoka 30 hadi 34 kwa hela yangu ya mfukoni. Ndio, wazo hilo nimelitoa kwenye zile wiki zilizochafuka, mara sita kati ya nane waliuliza zaidi ya 30. Tofauti ni kwamba nikikosea hapo, zaidi sana nalala na madera manne ya ziada, 12,000 kwa wiki, na hakuna mtu wa kikoba atakayegonga mlango.

Kama una daftari la wiki 12 tu, wala usijisumbue kukata za mwisho, hutabakiwa na kitu cha kujifunzia. Tengeneza kanuni kwa hizo 12 na anza na karatasi za mbele, kama ninavyofanya sasa.

Ila mjihadhari na kujumlisha kila wiki. Mimi niko wiki ya 5 kati ya 8, na wiki ya tatu nilitaka kuchungulia jumla. Ukijumlisha kila Jumapili na kusimama siku inapopendeza, umechagua tena. Dada amekataa kunionyesha, anasema nirudi baada ya wiki tatu.