Sekunde 30 zinatosha, kelele ndiyo hazitoshi

Tunaandika hii kwa vijana wenzetu wanaotuma sauti za mechi kwenye simu kila wikendi hapa Kamwokya, kutoka Kifumbira mpaka juu kule Kira Road. Mnafanya kazi ya watu, hatukatai. Lakini nyingi ya sauti hizo ni kelele tupu, na mtu aliyekosa mechi anazisikiliza mara tatu bado hajui nani ameshinda. Hilo tunalipinga, na tutasema kwa nini.

Kwanza tukumbuke anayekosa mechi ni nani. Si mvivu. Chukueni ile ya Kongo na Misri, tarehe 28 Januari 2024, kwenye Kombe la Afrika kule San Pedro, Kodivaa. Ilianza saa tano usiku saa za Kampala, Jumapili. Ikaenda dakika 120, kisha penalti, imeisha karibu saa nane usiku. Mama anayeamka saa kumi kwenda kuchukua mboga Nakasero atakaa kibandani saa ngapi? Dada anayelala na watoto wanne kwenye muzigo mmoja ataweka sauti ya redio saa saba usiku, majirani wamkubalie? Na kijana ambaye data imekwisha kwenye nusu ya pili, huyo naye aseme nini? Hao ndio wasikilizaji wetu. Asubuhi wanataka kitu kimoja kifupi, kwa Kiswahili, kwa sababu redio ya jirani inaongea Kiganda haraka haraka na wengine Kiganda bado kinatupiga chenga.

Sasa wanapata nini? Wanapata namna hii: kelele ya goli sekunde 5, salamu kwa marafiki sekunde 10, “mechi ilikuwa moto balaa” sekunde 5, halafu “Kongo imeshinda nane kwa saba!” na muziki. Ndiyo imeisha.

Nane kwa saba. Jamani. Mtu ambaye hakuona atadhani yalifungwa magoli 15. Mechi ile iliisha 1-1. Nane kwa saba ni penalti za mwisho, zile za kuamua nani anaendelea. Kwenye kumbukumbu za mashindano mechi hiyo ni sare, na Kongo ilikuwa imefika robo fainali bila kushinda mechi hata moja ndani ya dakika za mchezo: 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania, halafu hii. Huo ndio utamu wa safari yenyewe, na ukisema tu “imeshinda nane kwa saba” umeuua.

Tena kuna hasara ya mfukoni. Sisi hatuwapigii debe watu wa kubeti, lakini tuseme ukweli, wako kwenye kila kona hapa. Tiketi ya kawaida ya “nani anashinda” inahesabiwa kwa dakika 90 na zile za nyongeza za mwamuzi. Aliyeweka Kongo ishinde, tiketi yake ilikufa, kwa sababu baada ya dakika 90 ilikuwa 1-1. Akisikia sauti yenu anakimbia dukani na tiketi mkononi, anafika pale anagombana na msichana wa dirishani, anaitwa mwizi na mgeni juu yake. Neno moja tu la “kwa penalti” lingemwokoa.

Kwa hiyo matokeo yanatangulia, yote mawili kwa mpangilio: kwanza sare, kisha penalti. Msiyafiche mpaka mwisho kama hadithi ya bibi. Anayesikiliza sekunde 30 hataki kushikwa roho, roho yake imeshikwa tangu jana.

Halafu kuna lile jambo la wapi mechi iligeuka. Hapa ndipo wengi wanaanguka, hata wale wazuri. Wengi walisema mechi iligeuka Lionel Mpasi, kipa wa Kongo, alipofunga penalti ya mwisho. Hapana. Hiyo ndiyo mechi kwisha. Kugeuka ni pale ambapo kabla yake mambo yalikuwa yanaenda huku, baada yake yakaenda kule.

Sisi tunatumia kipimo kimoja. Toa tukio hilo kichwani, halafu uliza: mechi inabaki ileile? Tuyapitishe matukio ya usiku ule.

Dakika ya 37 Yoane Wissa anapiga krosi, Meschack Elia anafunga kwa kichwa. Kubwa, ndiyo, lakini halikukaa. Kabla tu ya mapumziko Dylan Batubinsika anampiga Ahmed Hegazi kiwiko, mwamuzi anaangalia video, anatoa penalti, Mostafa Mohamed anasawazisha. Goli moja limefuta lingine, tumerudi pale tulipoanzia. Dakika ya 97, ndani ya muda wa ziada, Mohamed Hamdy wa Misri anapata kadi ya pili ya njano na anatoka. Hapa watu wengi wanaruka: “Kadi nyekundu, ndiyo hiyo!” Inavutia kweli, sisi wenyewe tulibishana juu yake mpaka chai ikapoa. Lakini angalieni kilichofuata. Kongo walikuwa 11 dhidi ya 10 kwa dakika zaidi ya 20, na hawakufunga. Toa ile kadi, bado ni 1-1, bado penalti. Kadi ambayo ilitakiwa kugeuza mechi na haikugeuza si geuko, hata kama ina rangi nzuri ya kusimulia.

Basi twende kwenye penalti. Kila timu ilikuwa imekosa moja. Wakafika zamu ya tisa, ikawa zamu ya makipa. Misri wanapiga kwanza. Kipa wao Gabaski anapiga, mpira unagonga mwamba. Hapo! Sekunde moja kabla, Mpasi alikuwa anaelekea kupiga penalti ya kubaki hai. Sekunde moja baadaye anaelekea kupiga penalti ya kushinda. Mtu yuleyule, mpira uleule, kazi nyingine kabisa. Toa ule mwamba na hatujui nani angeenda robo fainali.

Na tafadhali, msiseme Mpasi aliipangua. Hakuigusa, ilikuwa mwamba. Tumesikia hiyo ya “amedaka” mpaka leo inazunguka, na inachukiza kwa sababu Mpasi hahitaji kuongezewa. Huyu ni kipa aliyekuwa anacheza Rodez, daraja la pili Ufaransa, akasogea mbele ya timu yenye mataji saba ya Afrika, akafunga. Ukiongeza uongo juu yake, aliyeona mechi anakucheka, na siku nyingine hakusikilizi.

Mchezaji ni mmoja. Sio watano. Tunajua kila mtu ana mtu wake, wa Goma anataka huyu, wa Bukavu anataka yule, na kuna ambaye anataka Sébastien Desabre atajwe kwa sababu kabla ya kuwafundisha Kongo alikuwa kocha wa Uganda Cranes, na mwaka 2019 kule Misri alituchapa 2-0 akiwa upande huo. Kweli ni habari tamu, hasa kwa sisi tunaoishi Kampala na kushangilia Kongo. Lakini sekunde 30 hazibebi. Mchezaji unayemchagua awe amesimama karibu na lile geuko, ili sentensi moja ifanye kazi mbili. Ukichagua geuko ni mwamba wa Gabaski halafu unamsifu beki wa kushoto, utahitaji sekunde nyingine 20 za kumtambulisha.

Hapa tuongee na wale wanaosema sekunde 30 hazitoshi kwa Kiswahili. Wana hoja kidogo. Tumejipima kwa saa ya simu: ukisoma taratibu, mtu akuelewe kwenye simu ya spika mbovu, sekunde 30 ni kama maneno 60, ukizidi 65 unaanza kukimbia. Maneno yetu ni marefu, na namba ndizo zinakula zaidi. “Dakika ya thelathini na saba” ni pumzi nzima. Basi namba za dakika zitupwe, sema “kabla ya mapumziko” na msikilizaji ameelewa. Msitafsiri skripti ya Kiingereza neno kwa neno, ile ya sekunde 30 itawatoka sekunde 45 na mtaishia kusoma kama mnafukuzwa na KCCA. Na ziandikwe. Anayesema “mimi naongea tu kutoka kichwani” ndiye huyo wa salamu sekunde 10.

Hii ndiyo yetu ya usiku ule:

“Kongo moja, Misri moja. Kongo imepita kwa penalti, nane kwa saba. Meschack Elia alifunga kwa kichwa, Misri wakarudisha kwa penalti kabla ya mapumziko, na hata walipobaki kumi hakuna aliyefunga tena. Mechi imegeuka kwenye penalti ya tisa: kipa wa Misri, Gabaski, amegonga mwamba. Mtu wa mechi ni kipa wetu Lionel Mpasi. Alifuata yeye, akapiga, akafunga. Robo fainali tunakutana na Guinea.”

Hesabuni. Inaingia, na kuna nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya jina la Mpasi.

Kuna swali ambalo hatukulimaliza kwa urahisi. Kongo waliwafunga Guinea 3-1, wakafika nusu fainali na Kodivaa tarehe 7 Februari kule Abidjan, wakafungwa 1-0, goli la Sébastien Haller kipindi cha pili. Kabla ya mechi, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wa Kongo walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye panja kama bastola. Ilikuwa kwa ajili ya wanaouawa mashariki, kwetu. Wenzetu wengine walitaka hiyo ndiyo iwe geuko la mechi. Tukakataa, na tulikasirikiwa.

Tulikataa kwa sababu haikugeuza mechi, mechi iligeuzwa na Haller. Kuibana ile ishara katikati ya matokeo na goli, ipate sekunde 4, ni kuidharau. Aliyekosa mechi alistahili kuipata kivyake. Basi tulituma sauti mbili asubuhi ile. Ya kwanza: Kodivaa moja, Kongo sifuri, Haller. Ya pili haikuwa na matokeo wala mchezaji wa mechi. Ilisema wachezaji 11 walisimama, mkono uko wapi, vidole viko wapi, na kwa ajili ya nani. Ilikuwa sekunde 22, tukaiacha hivyo.